Bei Haitajwi Kabla ya Salamu

Simu ikiita saa tisa za usiku, hakuna anayeanza na shikamoo. Anayepokea huuliza neno moja tu, "Kwema?", na mpigaji akijibu "Si kwema," mengine yote huachwa. Watoto hawaulizwi, kazi haiulizwi, mvua haiulizwi. Siku ya pili watu haohao wakikutana msibani watasalimiana kwa ukamilifu, na hata kama lipo la mchango au la kukodi gari la kwenda kuzika, litangoja hadi kila mmoja amalize kuulizwa hali. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa pwani, au Waafrika kwa jumla, hawawezi kuacha salamu ndefu, hajawasikiliza vizuri. Wanajua kuikata, tena kwa neno moja. Wanapoirefusha, ni kwa sababu kuna kazi inayofanywa.

Kazi hiyo imepewa maelezo mengi, na yaliyo maarufu zaidi ni ya Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa watu wa visiwa vya Trobriand, karibu na Papua. Mwaka 1923 alieleza kwamba mazungumzo ya namna hii hayakusudiwi kupeleka habari wala fikra. Kazi yake, alisema, ni kufunga uhusiano kati ya watu, na ukimya kati ya wasiojuana hutisha mpaka uvunjwe kwa maneno yoyote.

Ukweli umo humo, lakini maelezo hayo yamewaridhisha watu mapema mno. Ingekuwa shida ni kuvunja ukimya tu, habari za Simba na Yanga zingetosha, tena zina raha zaidi. Mbona basi maswali huwa yaleyale, ya afya, watoto, wazee, kazi na mavuno? Na mbona hutangulia? Urafiki unaweza kujengwa hata baada ya kulipana, kwa kikombe cha kahawa. Ila dukani, barazani na kwa mwenye shamba, mambo haya huulizwa kabla bei haijatajwa. Mpangilio huo ndio unaodai kuelezwa.

Jambo linaloufanya ubishi huu uwe mgumu ni jibu lenyewe. Kila swali hujibiwa "nzuri," "salama," "hawajambo." Mgeni akihesabu atapata majibu kumi ya heri kutoka kwa mtu ambaye paa la nyumba yake limeezuliwa na upepo juzi. Wageni wamelifanyia mzaha sana jibu la aina ya "Nzuri, ila tumefiwa na baba," wakidhani ni kichekesho. Kumbe ni utaratibu. Sehemu ya kwanza ya jibu humwambia aliyeuliza kwamba salamu imepokewa na mazungumzo yanaweza kuendelea. Habari huja nyuma ya "ila," "isipokuwa" au "tu," na mwenye kujua lugha masikio yake yako huko nyuma. Anayeanza moja kwa moja na msiba amegeuza mazungumzo kuwa dharura, na dharura humlazimisha msikilizaji ainuke alipokaa.

Tena "nzuri" si moja. "Nzuri sana" ya mtu aliyepata mavuno haifanani na "nzuri" kavu, na hiyo nayo haifanani na "nzuri tu." Anayejibu "tunamshukuru Mungu" alipoulizwa biashara amesema kwa adabu kwamba faida haionekani. "Tupo" ni chini ya hapo, na "tupo tu" ni chini zaidi. "Tunasogeza siku" humaanisha kwamba kesho haijulikani italiwa nini. Mgonjwa hasemwi kwamba anaumwa. Husemwa kwamba "anaendelea," na neno hilo likitumika kwa mtu ambaye wiki iliyopita alijulikana mzima, kila aliye kwenye mazungumzo hushtuka. Hakuna aliyedanganya. Kila jibu limebaki ndani ya heri, na kipimo kimesomwa.

Ndiyo maana mtaalamu mwingine, Alessandro Duranti, aliyefanya utafiti Samoa, alipinga mwaka 1997 wazo kwamba salamu hazina habari ndani yake. Wasamoa wanapokutana njiani huulizana mtu anakwenda wapi, na aliyeulizwa hana budi kutoa hesabu fulani ya nyendo zake, hata akiitoa kwa kuficha. Wafugaji wa Kiafari wa Ethiopia wamekwenda mbali zaidi. Wasafiri wawili wakikutana nyikani huchutama na kupeana dagu, yaani habari kamili ya walichokiona na kukisikia: mvua imenyesha wapi, malisho yamebaki wapi, nani amepita na mifugo, ugonjwa gani umezuka. Anayepokea huuliza, hupima, kisha huibeba habari hiyo hadi kwa atakayekutana naye mbele. Kutoa dagu ya uongo ni kosa linalomharibia mtu jina, kwa kuwa mwenzake anaweza kuhamisha kundi zima kwa kufuata neno lake.

Nyikani mnapotafutwa maji, faida ya salamu ndefu iko wazi. Dukani inahitaji kuchunguzwa zaidi, na hakuna mahali pazuri pa kuichunguzia kuliko biashara ya mali kauli.

Mali kauli ni mzigo unaochukuliwa kwa neno la mdomo, ukalipwa baada ya kuuzwa. Kariakoo, Dar es Salaam, wafanyabiashara wengi wadogo wa mikoani wamejengewa mitaji kwa njia hiyo. Mara nyingi hakuna hati, hakuna dhamana, na mahakama si njia ambayo mwenye duka la jumla angeifuata kwa deni la doti chache za kanga. Tuchukue mfano wa mwanamke anayeuza kanga na vitenge Kilosa, mkoani Morogoro. Safari iliyopita alichukua doti 60 na bado anadaiwa 20. Leo anarudi akiwa na pesa pungufu, na anataka mzigo mwingine. Mazungumzo yake na mwenye duka, mzee anayemfahamu, yangekwenda hivi:

— Hodi. Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam. Karibu, karibu ukae.

— Ahsante. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Za Kilosa?

— Nzuri.

— Watoto hawajambo?

— Hawajambo, wanakusalimu.

— Na baba watoto?

— Yupo. Anaendelea.

— Anaendelea? Kwani alikuwa anaumwa?

— Presha, mzee. Alilazwa Morogoro wiki mbili. Sasa yuko nyumbani.

— Loo, pole sana.

— Nimeshapoa.

— Na biashara?

— Tunamshukuru Mungu.

— Mvua mmepata huko?

— Zimechelewa mwaka huu. Watu wengi hawajavuna.

— Haya, Mungu mkubwa.

— Amin. Na nyumbani kwako, mzee, mama hajambo?

— Hajambo. Sisi tupo. Mwenye fremu kapandisha kodi, basi tunasogeza siku.

— Poleni. Mungu atafungua njia.

Hapo deni halijatajwa, wala mzigo haujatajwa. Lakini karibu kila jambo la msingi limeshawekwa mezani. Mzee amejua kwa nini pesa itakuwa pungufu: mume alilazwa, na matibabu yana gharama. Amejua pia kwamba wateja wa Kilosa ni wakulima ambao hawajavuna, kwa hiyo akimpa doti 60 leo zitakaa rafuni. Mwanamke naye amepewa jibu kabla hajauliza. Aliposikia habari ya kodi ya fremu, ameelewa kwamba mzee hana uwezo wa kungoja muda mrefu. Ombi alilokuja nalo kutoka Kilosa linabadilika palepale kichwani mwake. Atatoa pesa aliyo nayo, aipunguze ile 20, kisha aombe mzigo mdogo wa doti 15 mpaka watu wavune.

Sasa ajaribu mtu kuupindua mpangilio huo. Mwanamke aingie na kusema, "Mzee, pesa haijatimia, ila nataka mzigo mwingine." Mzee ataulizaje hali baada ya hapo? Ugonjwa wa mume utatajwa, bila shaka, na kuchelewa kwa mvua, na kila neno litakuwa la kweli. Lakini vyote vitakuja kama majibu ya "kwa nini hujalipa?" na vitasikika kama visingizio. Jambo lilelile likitangulia ombi ni habari. Likifuata ombi ni utetezi. Hii ndiyo sababu kubwa ya salamu kutangulia, na ni ajabu kwamba vitabu vinavyowaelekeza wafanyabiashara wa kigeni namna ya kuishi Afrika huishia kusema tu kwamba "wenyeji wanathamini uhusiano." Wanauthamini, ndiyo. Pia wanafanya hesabu.

Kuna sababu ya pili iliyojificha ndani ya ya kwanza. Kama mzee angesema kwamba ameibiwa juzi na duka liko hoi, mwanamke angeweza kulipa alichonacho, akaaga, akaondoka bila kuomba chochote. Asingekuwa amekataliwa. Mzee naye asingekuwa amemnyima mtu. Kesho wangekutana bila kinyongo. Ombi likishatamkwa haliwezi kurudishwa mdomoni, na jibu la "hapana" hubaki kati ya watu wawili kwa miaka. Kipindi cha salamu ni sehemu ya biashara inayoweza kuachwa katikati bila mtu yeyote kuaibika. Katika mji mdogo ambako muuzaji ni jirani, shemeji au muumini wa msikiti mmoja, mlango huo wa kutokea una thamani kuliko punguzo la bei.

Kila msemaji wa Kiswahili anaujua mlango huo, hata kama hajaupa jina. Mtu hutembea nusu saa kwenda kwa mjomba wake, akakaa, akauliza hali ya kila aliye ndani ya nyumba, kisha akasema, "Basi, nilikuja kuwasalimu tu." Lile "tu" linaweza kuwa la kweli. Linaweza pia kuwa la mtu aliyekuja na jambo akaona leo si siku yake. Mjomba makini hulisikia, akamsindikiza hadi njiani, na huko njiani akamuuliza taratibu kama kuna la zaidi.

Wagonja wa kaskazini mwa Ghana wameuweka uhusiano huu wa salamu na ombi wazi kuliko sisi. Esther Goody, aliyeandika juu yao mwaka 1972, alionyesha kwamba kwao kusalimia, kuomba na kutoa heshima ni mambo ya mstari mmoja. Mtu anayetaka kitu kwa chifu, awe anataka cheo au msaada, huanza kwa kwenda kumsalimia, tena na tena, na wakati mwingine salamu hiyo huambatana na zawadi. Anayesalimiwa mara nyingi hujikuta na wajibu. Hakuna aliyemwomba kitu bado, lakini amekwisha kupokea heshima, na heshima iliyopokewa hudai kurudishwa kwa namna fulani.

Hapa ndipo linapoingia suala la nani aanze. Katika pwani ya Afrika Mashariki kanuni nyingi za kuanza salamu zimefuata mafundisho ya Kiislamu: aliyepanda humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyekaa, wachache huwasalimu wengi, na mdogo humsalimu mkubwa. Kurani nayo humtaka aliyesalimiwa arudishe salamu iliyo bora zaidi au angalau iliyo sawa. Kwa kanuni hizi, kuanza hakumshushi mtu. Mafundisho hayohayo yanakataza Waislamu wawili kuhamana zaidi ya siku tatu, na yanamsifu kati yao yule atakayetangulia kutoa salamu. Aliyeanza ndiye aliyeshinda.

Si kila mahali hali iko hivyo. Judith Irvine alichambua maamkizi ya Wawolofu wa Senegal katika makala ya mwaka 1974, na alichokikuta kinafaa kusomwa na kila anayedhani salamu ni upendo mtupu. Wawolofu nao ni Waislamu, nao huanza na salaam aleikum. Kisha huja majina ya ukoo, halafu maswali ya hali, ya nyumbani, ya kazi, na majibu ya amani tu na ya kumshukuru Mungu. Lakini kwao, wa daraja la chini ndiye anayeanza, ndiye anayeuliza maswali, na husema kwa haraka na kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo magrio, watu wa ukoo wa kusifu. Mwungwana hujibu kwa sauti ya chini, polepole, maneno machache. Anayeulizwa yuko juu.

Mtu angedhani basi kila mmoja angegombea kuwa juu. Irvine alikuta mara nyingi ni kinyume. Aliye juu ana wajibu wa kutoa: fedha, chakula, msaada. Kwa hiyo mwungwana anayeogopa kuombwa hukimbilia kuanza salamu, akajishusha, na kumtwika mwenzake ukubwa pamoja na gharama zake. Aliyezidiwa mbio hizo anaweza kujaribu kuyageuza maswali ili naye awe muulizaji. Wakati mazungumzo ya fedha yanapofika, swali la nani anapaswa kumpa nani limekwisha kupata jibu, au walau limeshindaniwa.

Mswahili akisoma haya atacheka, kisha atakumbuka shikamoo. Tanzania Bara na Zanzibar shikamoo ni ya mdogo kwa mkubwa, na aliyeitikia marahaba amekubali ukubwa. Kijana anayemkaribia mtu mzima kituoni kwa shikamoo ndefu yenye kuinama, kabla hajasema amepungukiwa nauli, anajua anachofanya. Kina dada wa mijini wanaokaribia miaka 35 nao wanajua, ndiyo maana wengine hulipokea neno hilo kwa uso wa kununa: hawajakataa heshima, wamekataa umri na wajibu unaokuja nao. Na yapo maofisini ambayo hukera zaidi, pale mzee wa miaka 60 anapomwamkia shikamoo bosi wa miaka 40 kwa sababu ya cheo. Wengi husema wazi kwamba hapo salamu imepotoshwa. Profesa Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika makala yake ya mwaka 1995 kuhusu utovu wa adabu katika maamkizi ya Kiswahili, aliugeukia upande huu ambao wataalamu wengi waliuacha: kwamba salamu inaweza kutumika kuudhi, na kunyimwa salamu ni tendo lenye uzito.

Ushahidi mmoja unaonekana kupingana na hoja ya habari na hesabu, nao ni barua. Barua za wafanyabiashara wa pwani wa karne ya 19, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilianza kwa safu ya sifa za anayeandikiwa, kisha salamu, kisha hali ya mwandishi, na ndipo likafuata "wa baada" na shida yenyewe. Waliosoma shule za Tanzania na Kenya miaka ya nyuma wanajua mrithi wa barua hizo: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, na kadhalika, ukurasa wa kwanza wote, mpaka ukurasa wa pili ambako mwanafunzi aliomba atumiwe sabuni na viatu. Karatasi haijibu. Mwandishi hawezi kusikia "anaendelea" na kubadili ombi lake njiani.

Kwa haki, basi, si kila salamu ndefu inakusanya habari. Barua inaonyesha kwamba utaratibu ukishazoeleka hubaki kama alama ya heshima hata pale ambapo nusu ya kazi yake haiwezekani. Lakini nusu nyingine imebaki. Mwanafunzi aliyeeleza kwanza kwamba ni mzima na anasoma kwa bidii, kisha akasema viatu vimechanika, ametoa habari kabla ya ombi. Na barua za serikali, ambazo hazimwombi mtu fadhili, hazina salamu ya aina hiyo; baada ya "Ndugu" na kichwa cha habari huingia moja kwa moja kwenye "husika na mada tajwa hapo juu."

Tofauti hiyo ya barua mbili inatoa kipimo kizuri cha lini salamu hurefuka na lini hufupika. Wengi husema miji imeziua salamu, wakiwataja vijana wa Nairobi na "niaje" yao au wa Dar es Salaam na "mambo – poa." Ukweli ni kwamba mtu mmoja hubadilika mara kadhaa kwa siku. Asubuhi ndani ya daladala hampi konda salamu ya watoto. Nauli inajulikana, inalipwa palepale, na hawataonana tena. Saa nne, akienda kwa fundi cherehani aliyemwachia kitambaa na nusu ya malipo, atauliza hali kwa utulivu. Jioni akienda kuomba shamba la kukodi kwa mzee wa kijiji cha jirani, salamu inaweza kula saa nzima. Urefu hupanda kadiri malipo yanavyochelewa, kadiri hati zinavyokosekana, na kadiri watu hawa watakavyoendelea kuishi pamoja. Muda ambao hawajaonana huongeza pia: aliyeonekana asubuhi huulizwa za tangu asubuhi, aliyepotea mwaka huulizwa za siku nyingi, na hapo hujibu kwa mwaka mzima.

Utaratibu huu una hitilafu zake, na hutokea hasa pale watu wa taratibu mbili wanapokutana. Zahanati ni mahali pa kawaida. Muuguzi mgeni humuuliza mama, "Mtoto hajambo?" akajibiwa "hajambo," akaandika. Mama amejibu salamu. Mtoto anaharisha tangu juzi. Wauguzi wazoefu huacha salamu iishe, kisha huuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "nzuri": leo kilichokuleta ni nini? Hitilafu nyingine ni ya kuzidisha. Mtu anayemuuliza mwenzake mara ya tatu hali ya watoto walewale ameshajulikana kwamba ana jambo zito, na msikilizaji mwenye huruma humkatia njia kwa kumwambia aseme tu.

Matapeli nao wamelisoma somo hili, ingawa si kwa namna ambayo mtu angetarajia. Ujumbe wa simu uliowasumbua Watanzania kwa miaka mingi, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii," hauna salamu hata moja. Nguvu yake iko hapohapo. Kukosekana kwa salamu kunamfanya anayeusoma adhani mazungumzo yalishaanza, kwamba watu hawa waliulizana hali asubuhi na hili ni la mwisho tu la kukamilisha. Aliyekuwa kweli amemwahidi mtu pesa siku hiyo hutuma bila kufikiri. Tapeli angeanza na habari za nyumbani angeulizwa nyumbani kwa nani.

Mabadiliko makubwa zaidi yameletwa na mikopo ya simu. Kenya ilipata M-Pesa mwaka 2007 na M-Shwari mwaka 2012, Tanzania ikafuata na M-Pawa mwaka 2014, na baadaye zikaja programu nyingi za mikopo midogo ya papo hapo. Mkopaji hamwamkii mtu. Anabonyeza, na mfumo unapima mwenendo wake wa fedha kwenye simu, akapewa au akanyimwa kwa sekunde chache. Wengi wameipenda kwa sababu hiyohiyo: hakuna wa kumweleza ugonjwa wa mume, na kunyimwa na simu hakumwaibishi mtu mbele ya jirani.

Lakini baadhi ya programu hizo zilipata shida ileile ya mzee wa Kariakoo, ya kumjua mdeni ambaye hana hati wala dhamana, na zikaitatua kwa njia nyingine. Zilichukua orodha nzima ya majina kwenye simu ya mkopaji, na malipo yalipochelewa, wakusanya madeni wakawapigia mama, wajomba, wafanyakazi wenzake na hata mchungaji, kuwaambia fulani ana deni. Malalamiko yalikuwa makubwa nchini Kenya, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zikapiga marufuku vitisho na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya mkopaji bila idhini. Familia ilikuwa imeingizwa kwenye biashara, kama ilivyo siku zote. Safari hii iliingizwa mwishoni, baada ya deni kuiva, na mkopaji hakuwa amepewa nafasi ya kusema mwenyewe kwamba nyumbani kuna mtu anaendelea.